Dawa ya Deni: Kuisoma Sala ya Bwana Johannesburg

Mwaka 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilifika Johannesburg kusikiliza ushahidi wa hadhara. Vikao vilifanyika katika Kanisa Kuu la Kimethodisti, katikati ya jiji. Mwenyekiti wa Tume, Askofu Mkuu Desmond Tutu, alikuwa amezoea kufungua kila kikao kwa sala. Safari hii ofisi ya Tume ya Johannesburg ilimshauri aache. Tume, walisema, ni chombo cha sheria. Waliofika mbele yake ni watu wa dini mbalimbali na wengine hawana dini. Nusu dakika ya kimya ingetosha. Tutu alikubali. Kimya kikapita. Lakini alipotaka kuanza kazi hakutulia kitini, na hatimaye akasema kwamba haiwezekani, akawaomba watu wafumbe macho, akasali.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kama kielelezo cha tabia ya mzee yule. Hata hivyo, ndani yake mna swali zito. Walioshauri kimya walikuwa wameona jambo la kweli: sheria iliyounda Tume, ya mwaka 1995, ilikuwa imechukua neno ambalo Wakristo hulitamka kila siku katika sala yao kuu, nalo ni msamaha, ikaligeuza kuwa hati ya serikali. Je, neno hilo lilibaki lile lile? Je, anayesali Sala ya Bwana kila Jumapili analazimika kumsamehe aliyemuua mwanawe kwa sababu tu dola imemsamehe? Ili kulijibu swali hilo haitoshi kukitazama kifungu kimoja cha sala. Ni lazima kuisoma yote, neno kwa neno, kwa kuwa kila ombi linaliwekea mipaka ombi linalofuata.

Sala yenyewe imetufikia katika sura mbili. Injili ya Mathayo, sura ya sita, ina maombi saba. Injili ya Luka, sura ya kumi na moja, ina maombi matano. Waswahili nao wana maneno ya aina mbili yanayojulikana zaidi. Wakatoliki wana yao ya liturujia. Waprotestanti wengi hufuata Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Tofauti kati ya mapokeo haya mawili ni ndogo kwa sauti lakini kubwa kwa maana, na mara nyingi ndizo zinazotufungulia kile ambacho mazoea yamekifunga.

Sala inaanza kwa kuita: "Baba yetu." Msomaji akiipitia sala nzima akitafuta neno "mimi" hatalipata. Hata anayesali peke yake chumbani, mlango ukiwa umefungwa, anasema "yetu", "utupe", "utusamehe", "utuokoe". Sarufi yake ni ya wingi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo sala inamuuliza anayeitamka halihusu Mungu. Linahusu ni nani waliomo katika hiyo "yetu".

Johannesburg swali hili lina historia ya karibu. Mzulu husema "Baba wethu", na Mswahili aliyetoka Bukavu au Tanga akimsikia hahitaji mkalimani. Lugha hizo mbili ni ndugu, na ndugu hao wanakutana waziwazi katika maneno mawili ya kwanza ya sala. Hata hivyo, mwezi Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia mtaa wa Alexandra zilipoenea jijini na nje yake, na watu 62 wakauawa, kundi la washambuliaji liliweza kumsimamisha mtu njiani na kumtaka ataje kwa Kizulu jina la kiwiko cha mkono. Asiyelijua neno "indololwane" alihesabiwa mgeni. Ndivyo mtu aliyeelewa "Baba wethu" bila kufundishwa alivyoweza kuangamia kwa kutolijua jina la kiungo cha mwili wake mwenyewe. Mwito wa kwanza wa sala unaukataa mtihani wa namna hiyo. Anayesema "yetu" hapewi nafasi ya kuchagua nani aingie humo, kwa kuwa ubaba unaotajwa si wake kuugawa.

Maneno "uliye mbinguni" yanaongeza jambo moja. Hayasemi kwamba Mungu yuko mbali. Yanasema hayuko chini ya milki ya mtu yeyote. Baba huyu hana kabila wala mtaa, na hawezi kuandikishwa upande wa taifa fulani. Ombi linalofuata, "jina lako litukuzwe", ni tokeo la hilo. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Katika desturi ya Kiyahudi ambayo sala hii ilizaliwa ndani yake, kauli ya namna hiyo ilikuwa njia ya heshima ya kumtaja Mungu bila kumtaja: ndiye mwenyewe anayeombwa alitukuze jina lake. Ombi hili basi linakiri kwamba jina hilo limekwisha kuchafuliwa, na kwamba waliolichafua hawawezi kulisafisha peke yao. Afrika Kusini hilo halikuwa jambo la nadharia. Ubaguzi wa rangi ulitetewa kwa Biblia mkononi, na wateteaji wake walisali sala hii hii, kwa lugha ya Kiafrikana, kwa unyofu wa moyo.

"Ufalme wako uje," au kama wasemavyo Wakatoliki, "ufalme wako ufike." Mwezi Septemba 1985, wakati hali ya hatari imetangazwa na askari wamejaa mitaani, kundi la wanateolojia waliofanya kazi Johannesburg na Soweto walitoa maandiko yaliyojulikana kama Hati ya Kairos. Humo walitofautisha teolojia za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa teolojia ya dola, iliyobariki mamlaka yaliyopo. Ya pili waliiita teolojia ya kanisa: ile iliyohubiri upatanisho, amani na msamaha kwa pande zote sawasawa, kana kwamba aliyekanyaga na aliyekanyagwa wamekoseana tu kama majirani. Ya tatu, waliyoitaka wao, ilikuwa ya kinabii. Hoja yao ilikuwa kwamba upatanisho usiogusa dhuluma yenyewe si wa Kikristo, hata ukivaa maneno ya Kikristo. Katika mpangilio wa sala, hoja hiyo ina mashiko: ombi la ufalme linatangulia ombi la msamaha. Anayeomba ufalme uje anakiri kwamba utawala uliopo sio huo, na hawezi tena kuutumia msamaha kama shuka la kuufunika.

Kisha linakuja ombi kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe "hapa duniani kama huko mbinguni". Hapa inafaa kusimama kwa sababu ya neno dogo "kama". Linatokea mara mbili katika sala: hapa, na tena katika ombi la msamaha. Mara ya kwanza mbingu ndiyo kipimo na dunia ndiyo inayopimwa. Dunia inaombwa ifanane na mbingu. Mara ya pili mwendo unageuka, na Mungu anaombwa asamehe kama watu wanavyosamehe, yaani mbingu inaombwa itende kwa kipimo cha dunia. Kwa Kiswahili hatari inaongezeka, maana "kama" kwetu ni neno la kulinganisha na pia ni neno la sharti. "Kama wewe" na "kama utakuja" hutumia neno lile lile. Sikio la Mswahili, pasipo kukusudia, linaweza kusikia katika sala mapatano ya biashara: sameheni, nanyi mtasamehewa, msiposamehe, basi. Tutalirudia neno hili.

Kati ya "kama" mbili sala imeweka chakula. Biblia ya Muungano inasema "riziki yetu". Wakatoliki husema "mkate wetu wa kila siku". Neno la Kigiriki lililo nyuma ya tafsiri hizi, "epiousios", limewasumbua wafasiri tangu zamani. Origene, aliyeandika katika karne ya tatu na ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alisema halikuwa neno la watu wa kawaida wala la wasomi, na akadhani wainjili walilibuni. Jeromu, alipotafsiri kwa Kilatini, alilipa neno hilo hilo tafsiri mbili: katika Luka mkate wa kila siku, katika Mathayo mkate upitao maumbile. Wengine wamelielewa kuwa chakula cha kesho, wengine chakula kitoshacho.

Waliochagua "riziki" walifanya uamuzi wa kijasiri. Waliliacha umbo la mkate, chakula ambacho kwa wasikilizaji wengi wa pwani na bara hakikuwa mlo wa kila siku, wakachukua neno lenye asili ya Kiarabu ambalo Mwislamu na Mkristo wa Zanzibar au Mombasa hulielewa sawasawa: fungu ambalo Mungu amemkadiria kila kiumbe. Faida yake ni kwamba riziki hujumuisha chakula, kazi, paa na afya. Hasara yake ni kwamba hukaribisha subira isiyouliza. Mtu husema "riziki haivutwi kwa kamba", akakaa. Mkate, kinyume chake, una mwokaji, mwuzaji na bei, na ukikosekana mtu huuliza nani ameuchukua. Sala inahitaji maneno yote mawili.

Kanisa lile lile ambamo Tume iliketi mwaka 1996 lilikuja kulionyesha ombi hili kwa njia nyingine. Katika miaka ya 2000, chini ya Askofu Paul Verryn, jengo lilifunguliwa kwa watu wasio na pa kulala, wengi wao wakiwa wamekimbia kutoka Zimbabwe. Walilala kwenye ngazi, korido na sakafu, mamia na kisha maelfu. Usiku wa tarehe 30 Januari 2008 polisi walilivamia jengo na kuwakamata mamia ya waliokuwamo. Majirani na wafanyabiashara walilalamikia uchafu na msongamano, na si kila lalamiko lilikuwa la uongo. Lakini yeyote aliyesali humo "utupe leo" alilazimika kuisikia "tu" ya wingi ikitoka kwa watu waliolala chini ya miguu yake. Katika ombi hili mtu haruhusiwi kuomba mkate wake peke yake.

Baada ya mkate ndipo unapokuja msamaha, na mpangilio huo una maana. Mathayo anatumia lugha ya madeni, nayo Biblia ya Muungano imeihifadhi: "utusamehe deni zetu". Katika Luka Mungu anaombwa asamehe dhambi, lakini upande wa binadamu lugha ya deni inabaki palepale, na watafsiri wakalitumia neno la Kiswahili cha kale, "tumwiaye", kutoka kitenzi kuwia, yaani kumdai mtu. Liturujia ya Kikatoliki inatumia "makosa" na "waliotukosea". Nyuma ya tofauti hizi kuna Kiaramu, lugha ya Yesu, ambamo neno moja lilibeba deni na dhambi kwa pamoja. Na kitenzi cha Kigiriki cha kusamehe katika kifungu hiki maana yake ya msingi ni kuachilia: kumwacha mfungwa aende, kulifuta deni daftarini.

Johannesburg lugha hizi huishi pamoja. Kiafrikana husema "skuld", neno ambalo hadi leo ni deni na pia ni hatia. Biblia ya Kizulu hutumia "amacala", wingi wa "icala", ambalo ni kosa na pia ni kesi mahakamani. Kiswahili nacho kimehifadhi uhusiano huo ndani ya neno "msamaha" lenyewe. Tunasema msamaha wa kodi, msamaha wa madeni ya nchi maskini, msamaha wa Rais kwa wafungwa, na msamaha wa ndugu kwa ndugu. Neno moja linabeba kazi nne. Utajiri huu ni mtego pia, kwa sababu anayepewa mmojawapo anaweza kudhani amepewa yote.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa msamaha wa aina moja tu kati ya hizo. Aliyeomba alipaswa kuonyesha kwamba kosa lake lilikuwa na lengo la kisiasa, na kueleza ukweli wote. Hakutakiwa kutubu. Hakutakiwa kuomba radhi. Hakutakiwa kulipa chochote, na akipewa msamaha huo familia ya aliyeuawa haikuweza tena kumshitaki hata kwa madai ya fidia. Familia ya Steve Biko na nyingine zilipinga jambo hili mbele ya Mahakama ya Katiba, na mwaka huo huo wa 1996 mahakama ilikubaliana na sheria. Majaji hawakudai kwamba mpango huo ulikuwa wa haki kwa kila familia. Waliona kwamba bila mpango huo huenda ukweli usingetoka wala nchi isingevuka. Hiyo ni hoja ya dola, na si hoja ya kubezwa. Kati ya maombi zaidi ya 7,000 yaliyopelekwa, yaliyokubaliwa hayakufika hata 1,200; kwa hiyo haukuwa msamaha wa jumla uliotapanywa kama karamu.

Lakini tuuweke mpango huo kando ya kesi moja iliyoanzia Johannesburg. Mwezi Septemba 1983 Nokuthula Simelane, msichana wa miaka 23, mwanafunzi aliyemaliza masomo Swaziland na mjumbe wa siri wa jeshi la ANC, aliingia katika maegesho ya chini ya jengo la Carlton Centre kukutana na mtu. Mtu huyo alikuwa amepandwa na polisi. Nokuthula akatekwa, akashikiliwa kwa wiki kadhaa, hatimaye katika shamba karibu na Northam, akateswa. Hakuonekana tena. Mbele ya Tume, askari kadhaa wa Tawi la Usalama waliomba msamaha na wakapewa kwa kosa la kumteka. Wakubwa wao walieleza kwamba waliishia kumrudisha Swaziland kama jasusi wao. Askari weusi wa chini walieleza mateso makali kuliko yale wakubwa wao waliyokubali. Hakuna aliyekiri kumuua. Mwaka 2015 dada yake, Thembi Nkadimeng, alikwenda mahakamani kuilazimisha mamlaka ya mashtaka iamue, na mwaka 2016 watu wanne wakafunguliwa mashtaka. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na mwili ulikuwa haujapatikana.

Ni deni gani ambalo mama wa Nokuthula angeweza kulisamehe? Msamaha wa deni unahitaji daftari. Anayefuta ni lazima ajue anachofuta: nani anadaiwa, na kiasi gani. Hapa wadaiwa walitaja sehemu ya deni na kukana sehemu kubwa iliyobaki. Kumwambia mama huyo asamehe ni kumtaka atie saini kwenye karatasi tupu. Ugumu huu hautokani na ukaidi wa moyo. Ni wa mantiki ya neno lenyewe, na sala, kwa kuchagua lugha ya deni badala ya lugha ya hisia, inausimamia upande wa mama.

Jambo la pili linatokana na sarufi. Sala inasema "kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea". Anayesamehe ni yule yule aliyekosewa. Hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Dola inaweza kuachilia kilicho chake, yaani haki yake ya kuadhibu; haiwezi kuachilia kile ambacho mama anadai. Charity Kondile, ambaye mwanawe Sizwe aliuawa na polisi mwaka 1981 na mwili wake kuteketezwa, alilisema hili kupitia wakili wake: Mandela na Tutu waliweza kusamehe kwa kuwa maisha yao yamethibitishwa na kutukuzwa, ilhali kwake hakuna kilichobadilika. Wapo waliomhukumu kuwa hana moyo wa Kikristo. Hata hivyo, alichofanya ni kukataa kusemewa. Kifungu cha sala kimewekwa katika nafsi ya kwanza. Kinaweza kutamkwa, lakini hakiwezi kuelekezwa kwa mwingine kama amri. Anayekichukua na kumpiga nacho aliyefiwa amebadilisha nafsi ya kitenzi, na sala imekoma kuwa sala.

Sasa turudi kwenye "kama". Je, si kweli kwamba injili yenyewe inaliweka kama sharti? Mara tu baada ya sala, Mathayo anaongeza kwamba wasiosamehe hawatasamehewa. Ugumu huo haufai kupakwa asali. Yohane Kasiani, mtawa wa karne ya tano, anasimulia kwamba katika makanisa kulikuwa na watu ambao, sala ikiimbwa na wote, walinyamaza walipofika kwenye kifungu hiki, kisha wakaendelea. Walijua wanajifunga kwa maneno yao, wakaogopa. Kasiani aliona wanajidanganya. Lakini hofu yao inaonyesha kwamba walisikiliza walichokuwa wakisema, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi.

Ufafanuzi bora wa "kama" hii umo katika Mathayo mwenyewe, sura ya kumi na nane, katika mfano wa mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa ujira wa mfanyakazi kwa miaka mingi. Elfu kumi ni deni ambalo hakuna maisha ya kulilipa. Bwana wake analifuta lote. Mtumwa anatoka nje, anamkuta mwenzake anayemdai dinari mia, ambazo ni ujira wa siku mia tu, anamkaba koo na kumtupa kifungoni. Ndipo msamaha wake unapobatilishwa.

Utaratibu wa mfano huu ni wa kuangaliwa kwa makini. Msamaha wa bwana ulitangulia. Haukununuliwa kwa msamaha wa mtumwa. Kwa hiyo "kama" si bei ya kuingilia. Inaeleza kile kinachopaswa kuendelea kwa mtu ambaye tayari ameachiliwa. Pia, na hili ndilo husahaulika, anayeonywa katika mfano ni yule aliyefutiwa deni kubwa. Mfano haukumlenga aliyekabwa koo.

Tukiusoma hivyo, uzito wa kifungu hiki Johannesburg unahama. Kwa miaka mingi kimesomwa kana kwamba kinawatazama akina mama waliofiwa: je, wako tayari kusamehe? Lakini waliofutiwa deni kubwa ni wengine. Ni askari waliorudi nyumbani bila kesi, na kwa mapana zaidi, ni wote walioneemeka na utaratibu ule na ambao mabadiliko ya mwaka 1994 hayakuwanyang'anya nyumba, shamba wala akaunti ya benki. Hao ndio waliotoka nje ya jumba la bwana wakiwa huru. Swali la sala kwao ni kile walichomtendea mwenzao waliyemkuta mlangoni. Tume ilipendekeza waathirika waliotambuliwa walipwe fidia kila mwaka kwa muda wa miaka sita. Serikali, mwaka 2003, iliamua kuwalipa randi 30,000 mara moja tu. Tume ilipendekeza pia namna ya kodi kwa walioneemeka, serikali ikaikataa. Hapa ombi la riziki na ombi la msamaha yanakutana, na mpangilio wa sala unaeleweka: mkate kwanza, kisha deni. Msamaha unaodaiwa kwa mtu mwenye njaa kabla hajapewa mkate umegeuza sala juu chini.

Waswahili tuna methali mbili zinazovutana kuhusu jambo hili. Moja husema dawa ya deni ni kulipa. Nyingine husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya pili ndiyo inayopendwa na serikali zote baada ya vita. Lakini methali hiyo ina sharti lililofichwa: inasema yaliyopita si ndwele. Yakiwa bado ni ndwele, yaani mwili haujapatikana na mama hajui lilipo kaburi, basi methali yenyewe inaagiza yagangwe. Sala ya Bwana haifuati mojawapo kikamilifu. Inakubaliana na ya kwanza kwamba deni ni deni na halifi kwa kupuuzwa. Inatofautiana nayo kwa kusema kwamba yako madeni yasiyolipika, na dawa yake pekee ni kuachiliwa na yule anayedai, kwa hiari yake, akijua anachoachilia.

Maombi ya mwisho yanailinda tafsiri hii. "Usitutie majaribuni," au katika maneno ya Kikatoliki, "katika kishawishi". Neno la Kigiriki lina maana zote mbili, mtihani unaompima mtu na mvuto unaompotosha. Mwenye kudai hujaribiwa na kisasi, jaribu ambalo kila mtu hulitambua. Mwenye kudaiwa, na watazamaji, hujaribiwa na haraka: hamu ya kuona machozi, kukumbatiana, kupiga picha na kufunga faili. Jaribu la pili ni baya zaidi kwa kuwa linafanana na wema.

Ombi linalofuata ni la kuokolewa. Biblia ya Muungano inasema "na yule mwovu". Wakatoliki husema "maovuni". Kigiriki kinaruhusu yote mawili, kwa kuwa umbo la neno halionyeshi kama ni mtu au ni jambo. Utata huo uliisumbua Tume pia. Ilimchunguza mtu mmoja mmoja na tendo moja moja. Eugene de Kock, kamanda wa kikosi cha mauaji cha Vlakplaas, alihukumiwa mwaka 1996 vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake, akawa sura ya uovu wote. Lakini sheria za pasi, za kuhamisha watu na za kugawa elimu kwa rangi hazikuwa na uso wa kufungwa gerezani. Anayesali "yule mwovu" peke yake anaweza kulala akidhani uovu umefungiwa; anayesali "maovuni" peke yake anaweza kumwacha kila mtu bila lawama.

Sifa ya mwisho, inayoukabidhi ufalme, nguvu na utukufu kwa Mungu, haimo katika hati za kale zaidi za Mathayo; ilitoka katika ibada za Wakristo wa mwanzo. Imekaa vizuri mahali ilipo. Inamwambia mwanasiasa kwamba ufalme si wake, kwa hiyo msamaha anaoutangaza una mpaka. Inamwambia aliyekosewa kwamba hukumu ya mwisho si mzigo wake, kwa hiyo hana haja ya kuubeba usiku kucha.

Kimya kilichopendekezwa katika Kanisa Kuu la Kimethodisti, na kimya cha wale watu wa Kasiani, basi si vya aina moja na usahaulifu. Katika ibada yoyote jijini Johannesburg anaweza kuwapo mama ambaye, kusanyiko likifika kwenye deni, anafunga midomo na kuwaacha wengine wapite, kisha anajiunga nao tena kwenye majaribu. Hajatoka ndani ya sala. Neno la kwanza lilisema "yetu", na yeye yumo. Kifungu ambacho hawezi bado kukitamka kinawangoja kwanza wale wanaojua mahali mwanawe alipozikwa.